Alama duni za tathmini hazitoshi kumfuta mtu kazi

"Mwalimu, kwenye mazoezi ya diploma nimepewa kisa: hoteli ya Malindi imemfuta mpokea wageni wa miaka mitatu kwa barua, siku ileile alipopata alama duni za tathmini. Amelipwa mshahara wa mwezi badala ya notisi. Nijibu nini?"

Mwanangu, usidanganywe na ule mshahara wa notisi. Ndio mtego wa swali. Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiri hutakiwa kuwa na sababu ya haki na pia kufuata utaratibu wa haki.

Anza na sababu. Je, alipewa malengo tangu mwanzo, akaonyeshwa upungufu wake, akapewa muda na msaada wa kujirekebisha? Kisa hakitaji hata onyo moja, kwa hiyo tathmini hiyo ni ushahidi dhaifu.

Kisha kifungu cha 41, penye alama nyingi. Kabla ya kumfuta kwa utendaji duni, mwajiri humweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kuwasikiliza wote wawili. Barua ya ghafla haikufanya hivyo.

Hitimisha kwamba kufutwa huko si kwa haki. Mahakama yaweza kuamuru fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Watahiniwa wengi huandika 12 moja kwa moja, ilhali hicho ni kikomo tu.