EBITDA si "mapato": tuiandikeje?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika habari za biashara hapa Dar. Kwenye ripoti za wachambuzi wa hisa nakutana na EBITDA kila mara, nami nimezoea kuiita "mapato kabla ya riba, kodi, uchakavu na kadhalika". Juzi mhasibu mmoja kanikosoa, eti nawapotosha wasomaji. Niandikeje? Na mbona wanaipenda kuliko faida ya kawaida?*

Marahaba. Mhasibu wako ana haki, na tatizo lipo kwenye neno la kwanza. Kwa Mtanzania, mapato ni fedha zote zilizoingia: nauli zote, mauzo yote, hata senti haijatolewa. EBITDA imeshatolewa mengi. Mishahara imetoka, dizeli imetoka, kodi ya pango, umeme, ulinzi, matangazo, vyote vimetoka. Kilichobaki ni faida, ila faida ambayo bado haijakatwa vitu vinne: riba ya mikopo, kodi ya serikali, uchakavu wa mali zinazoshikika kama magari na mashine, na uchakavu wa zile zisizoshikika, mfano leseni au programu ya kompyuta iliyonunuliwa kwa matumizi ya miaka kadhaa. Usiiite "faida ghafi" pia. Hiyo ni mauzo ukitoa gharama ya moja kwa moja ya bidhaa au huduma, kabla hujagusa gharama za ofisi.

Mimi naandika "faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu". Nimeongeza "kutoa" makusudi, maana "kabla ya riba" peke yake inamfanya msomaji adhani ni suala la tarehe, kana kwamba riba italipwa mwezi ujao. Na zile aina mbili za uchakavu nimeziunganisha. Wahasibu wanazitenga kwa sababu zao nzuri, lakini kwenye gazeti "uchakavu" linatosha kuzibeba zote, na "na kadhalika" yako inaficha kitu ambacho msomaji ana haki ya kukijua.

Sasa kwa nini wanaipenda. Chukua kampuni mbili za mabasi ya mikoani, za kubuni, zote zinapakia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Kila moja imeingiza nauli za shilingi bilioni 4 kwa mwaka, na kila moja imetumia bilioni 3 kwa dizeli, matairi, vipuri, mishahara na mambo ya ofisi. Kwa hiyo EBITDA ya kila moja ni bilioni 1.

Ya kwanza ina mabasi mapya ya mkopo. Uchakavu wake kwa mwaka ni milioni 400, riba ya benki milioni 300. Inabaki milioni 300. Ukitoa kodi ya kampuni ya asilimia 30, faida halisi ni milioni 210. Ya pili ina mabasi ya zamani, haidaiwi na mtu, na vitabuni yamekaribia kufutika: uchakavu ni milioni 100 tu. Inabaki milioni 900, na baada ya kodi faida halisi ni milioni 630.

Ukiandika faida halisi peke yake, ya pili inaonekana bora mara tatu. Lakini abiria ni wale wale, nauli ni ile ile, dizeli ni ile ile. Tofauti yote imetokana na namna mabasi yalivyonunuliwa na umri wake. Mchambuzi anayetaka kujua nani anajua kuendesha mabasi anaziweka kando tofauti hizo kwanza. Anayetaka kuinunua kampuni nzima naye anafanya hivyo, kwa kuwa akishainunua atakuja na mikopo yake, riba yake ikiwa nyingine. Ndiyo maana wanachukua thamani ya hisa zote, wanajumlisha madeni, wanatoa fedha taslimu iliyopo, kisha wanagawanya kwa EBITDA. Utasikia "imeuzwa mara sita". Ni hesabu hiyo.

Lakini angalia kilichoachwa nje. Basi la kampuni ya pili litakufa, na siku hiyo fedha ya kununua jingine haitatoka kwenye hesabu ya EBITDA, ingawa itatoka benki. Kampuni ya kwanza nayo inalipa riba, na juu ya riba inarejesha mkopo wenyewe, jambo ambalo halimo hata kwenye faida halisi. Kwa biashara ya mabasi, saruji au minara ya simu, ambako mali ni ghali na inachoka, uchakavu ni gharama kama dizeli, ila bili yake inakuja kwa kuchelewa na inakuja kubwa. Kwa kampuni ya ushauri yenye meza na kompyuta chache, upungufu huo ni mdogo. Kwa hiyo linganisha basi na basi, usilinganishe basi na ofisi ya mawakili.

Kuna ujanja mwingine hapo hapo Mbezi. Kampuni ya tatu haina basi hata moja. Inakodi kwa mwezi mmoja mmoja, milioni 500 kwa mwaka. Mengine yote ni sawa na wenzake. Kukodi ni gharama ya uendeshaji, kwa hiyo EBITDA yake ni milioni 500. Mwaka unaofuata inasaini mkataba wa kukodi mabasi yale yale kwa miaka mitano, bei ile ile. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 16, iliyoanza kutumika mwaka 2019, inataka mkataba mrefu kama huo uingizwe vitabuni kama mali na deni. Ile milioni 500 inaacha kuitwa gharama ya kukodi, inageuka uchakavu na riba, na EBITDA inaruka hadi bilioni 1. Mwenye mabasi bado analipwa kile kile. Ukikuta EBITDA imepaa huku mauzo yamelala, anza kwa kuuliza mikataba ya kukodi.

Huo ni halali. Usio halali ulifanywa na kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom. Ilikuwa inazilipa kampuni nyingine ili simu za wateja wake zipite kwenye mitandao yao, gharama ya kila siku kama dizeli. Ikaziandika vitabuni kama mali. Gharama zikahama kutoka sehemu inayohesabiwa kwenda uchakavu, na EBITDA ikapendeza. Juni 2002 ikakiri dola bilioni 3.8, na Julai ikaomba kinga ya mufilisi.

Kwenye habari yako, basi, andika mara ya kwanza "EBITDA, yaani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu", kisha endelea na EBITDA yenyewe kwa upatanisho wa i- na ya: EBITDA ya kampuni imepanda, si "kimepanda" kama nilivyosoma mahali. Sentensi inayofuata itaje faida halisi. Na kampuni ikikuletea "EBITDA iliyorekebishwa", usiitafsiri tu ukapita. Kanuni za IFRS hazijaweka maana ya EBITDA, sembuse hiyo ya kurekebishwa. Kila kampuni inaamua yenyewe imeondoa nini, iwe ni gharama za kupunguza wafanyakazi au za kesi mahakamani. Tafuta jedwali la marekebisho kwenye ripoti, na uandike kilichoondolewa kwa jina lake.