Data imewashwa lakini programu hazifunguki

"Nimewasha data, bando liko, lakini programu hazifunguki. Shida ni nini?"

Ndugu, jaribu kivinjari kwanza. Kikifungua kurasa, na jumbe za WhatsApp zinaingia pale tu unapoifungua, hiyo huenda ni Data Saver: huzuia data kwa programu zilizo nyuma, si ile iliyo mbele yako. Izime.

Kivinjari nacho kikikwama, shuku APN, yaani mipangilio inayounganisha simu na intaneti ya mtandao wako, hasa kama simu ilikuwa na laini ya mtandao mwingine. Ingia Settings, kisha Mobile network, kisha Access Point Names. Kwa Safaricom, APN ni `safaricom`, herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. APN type iwe na `default`. Ikiwa ni `mms` peke yake, intaneti haipiti. Hifadhi, halafu uiguse ichaguliwe (wengi husahau hapo), kisha uzime data na kuiwasha tena.