Ukichemsha ribonyukliasi, usidhani umeiua

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipoteza sampuli za wiki tatu kwa sababu niliamini kwamba moto unaua kila kimeng'enya. Kazi yetu ilikuwa kutoa RNA kwenye damu. Kabati la jirani walikuwa wakisafisha plazmidi, vile viduara vya DNA vya bakteria, na wao hutumia ribonyukliasi A, kimeng'enya kinachokata RNA vipande vipande, ili kuondoa RNA wasiyoitaka. Nilihitaji chupa na rafu za haraka, nikachukua walizokuwa wamezitumia, nikazichemsha dakika 15 kwenye maji yanayotokota, nikazipoza na kuanza kazi.

Nilipopitisha RNA yangu kwenye jeli, ile mistari miwili ya 28S na 18S inayoonyesha kwamba RNA ni nzima haikuwepo. Kulikuwa na ukungu tu chini kabisa ya jeli. Mama aliyesimamia maabara aliiangalia picha, akaniuliza, "Mwanangu, vyombo ulivisafisha na nini?" Nikamwambia nilivichemsha. Akaniambia, "Basi hukukiua. Ulikilaza tu, na kilipopoa kikaamka."

Jibu hilo ndilo lililonifundisha maumbo ya protini kuliko darasa lolote. Nalileta hapa kwa yeyote anayeanza kushika pipeti, au anayesoma ngazi nne za muundo wa protini na kuziona kama orodha ya kukariri.

Tuanze na kimeng'enya chenyewe. Ribonyukliasi A, inayotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, ni mnyororo mmoja wa asidi amino 124. Mpangilio wa asidi hizo, ipi ya kwanza, ipi ya pili, hadi ya 124, ndio muundo wa ngazi ya kwanza. Kinachozishikanisha ni kifungo cha peptidi, na hicho ni kifungo halisi cha kikemia, atomu kwa atomu. Kukikata kwa moto na asidi si kazi ndogo: anayetaka kuhesabu asidi amino za protini huipika katika asidi hidrokloriki ya 6 M kwa nyuzi 110, saa 24 nzima. Sasa linganisha na dakika zangu 15 za maji ya moto. Mnyororo ulitoka kwenye sufuria ukiwa na asidi zake zote 124, kwa mpangilio uleule.

Nasisitiza hapo kwa sababu nimewasikia wengi wakisema protini ikipata moto "inakatika". Haikatiki. Inachopoteza ni umbo, na kupoteza umbo huko ndiko tunakoita denaturesheni.

Umbo lenyewe limejengwa kwa vitu dhaifu. Katika ngazi ya pili, uti wa mnyororo hujishika wenyewe kwa vifungo vya haidrojeni. Sehemu moja hujisokota kama chemchemi ya kalamu, ambapo oksijeni ya asidi amino moja hushikana na haidrojeni iliyo kwenye naitrojeni ya asidi ya nne mbele yake. Hiyo ni helisi ya alfa. Kwingine vipande vya mnyororo hulala sambamba na kushikana ubavu kwa ubavu kama miyaa ya mkeka, nao huitwa shuka la beta. Ribonyukliasi A ina helisi tatu na mashuka ya beta yanayobeba sehemu kubwa ya mwili wake.

Ngazi ya tatu ni jinsi mnyororo mzima unavyojikunja kuwa donge moja. Hapa nguvu kubwa inatokana na maji yaliyouzunguka mnyororo. Baadhi ya asidi amino zina mikia ya mafuta isiyopatana na maji, kwa hiyo hujificha ndani ya donge, na zinazopenda maji hubaki nje. Wanaoongeza nguvu ni chaji chanya na hasi zinazovutana, vifungo vya haidrojeni kati ya mikia, na mvuto mdogo wa atomu zilizobanana. Ukijumlisha vyote na kutoa gharama ya kuubana mnyororo uliopenda kuwa huru, protini nyingi hubaki na faida ya kilojuli 20 hadi 60 tu kwa moli. Kifungo kimoja cha kikemia kwenye uti wa mnyororo kinazidi kilojuli 300. Ndiyo maana nyuzi 62 au 63 hivi zinatosha kuifungua ribonyukliasi iliyo kwenye maji yasiyo na asidi wala besi. Kwa nyuzi 100 ilikuwa imefunguka kabisa, na kama ningeipima ikiwa ndani ya sufuria ningeiona haifanyi kazi.

Lakini ndani ya ngazi hiyo ya tatu kuna kitu ambacho si dhaifu. Ribonyukliasi A ina sisteini nane, yaani asidi amino zenye salfa, zilizounganishwa mbili mbili kwa madaraja manne ya salfa: ya 26 na ya 84, ya 40 na ya 95, ya 58 na ya 110, ya 65 na ya 72. Haya ni vifungo halisi vya kikemia, na dakika chache za maji ya moto haziyavunji. Mnyororo ulipofunguka kwenye sufuria yangu ulibaki umefungwa kamba sehemu nne. Maji yalipopoa, haukuwa na njia nyingi za kupotea. Mikia ya mafuta ikaingia ndani, helisi zikasokotwa upya, na kimeng'enya kikarudi kazini.

Wenzetu wa plazmidi wanalijua hili na wanalitumia makusudi. Ribonyukliasi ya dukani huweza kuja na vimeng'enya vinavyokata DNA, kwa hiyo huiyeyusha, miligramu 10 kwa mililita, katika asetati ya sodiamu ya 0.01 M yenye pH 5.2, huichemsha nyuzi 100 kwa dakika 15, na huiacha ipoe polepole. Vinavyokata DNA havirudi, ribonyukliasi inarudi. Hapo tu ndipo pH huinuliwa hadi 7.4 kwa bafa ya trisi. Ukiichemsha nzito hivyo ikiwa tayari kwenye pH 7, utaona unga mweupe ukituama chini: minyororo iliyofunguka imegusana kwa mikia yake ya mafuta na kunasana kabla haijapata nafasi ya kujikunja. Ute wa yai hugeuka mweupe na kukataa kurudi kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa protini zake zimesongamana mno. Kwa hiyo kurudi au kutorudi kwa protini hakuamuliwi na moto peke yake. Angalia pia ni nzito kiasi gani, pH ni ngapi, na imepoaje.

Aliyeonyesha kwamba umbo linaweza kurudi hata bila zile kamba nne ni Christian Anfinsen, huko Bethesda, Marekani. Aliiweka ribonyukliasi katika yurea ya 8 M, inayolegeza vishikizo vyote dhaifu, pamoja na beta-merkaptoethanoli, inayovunja madaraja ya salfa. Kazi ya kimeng'enya ikaisha. Alipoondoa vyote viwili na kuacha hewa iyajenge madaraja upya, karibu kazi yote ilirudi. Kisha akageuza utaratibu: akaacha madaraja yajengeke mnyororo ukiwa bado ndani ya yurea, halafu ndipo akaondoa yurea. Safari hii ilirudi asilimia 1 hivi.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Sisteini ya kwanza ina wenzi saba wa kuchagua, inayofuata ina watano, kisha watatu, kisha mmoja: 7 × 5 × 3 × 1 ni 105. Ndani ya yurea madaraja yalijifunga kwa kubahatisha, na mpangilio sahihi ni mmoja kati ya 105. Alipoongeza beta-merkaptoethanoli kidogo tu, madaraja yaliyokosewa yakafunguka na kufungika tena mara nyingi, na baada ya saa kadhaa kazi ikarudi. Maelekezo ya umbo yalikuwemo kwenye mpangilio wa ngazi ya kwanza muda wote. Mwaka 1972 alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia, pamoja na Stanford Moore na William Stein walioichunguza ribonyukliasi hiyohiyo.

Ngazi ya nne ribonyukliasi A haina, maana ni mnyororo mmoja unaofanya kazi peke yake. Kwa ngazi hiyo nenda kwenye himoglobini, minyororo minne iliyoshikana bila daraja la salfa hata moja kati yao. Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba kwenye selimundu himoglobini imepata denaturesheni. Sivyo. Imebadilika asidi amino moja, ya sita kwenye mnyororo wa beta, glutamati ikawa valini. Mnyororo bado unajikunja vizuri na bado unabeba oksijeni. Shida inakuja oksijeni inapoachiliwa, kwani ile valini inayokimbia maji huingia kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, na hiyo kwa nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli.

Turudi kwenye vyombo. Baada ya hasara ile nilianza kujiuliza kila dawa inagusa kifungo gani. Gwanidini thiosianati iliyo kwenye bafa ya kupasulia seli inalegeza vishikizo dhaifu tu, ndiyo maana wengi huiongezea beta-merkaptoethanoli ili madaraja nayo yavunjike. Usiisahau, hasa kwa kongosho au wengu. Na kumbuka jaribio la Anfinsen: ukiziondoa dawa hizo ribonyukliasi ikiwa bado imo, umeipa nafasi ya kurudi. Kwa hiyo usiruke hatua ya kuoshea safuwima, kile kimrija chenye silika inayonasa RNA. RNA imeshika kwenye silika, na bafa ya kwanza ya kuoshea ndiyo inayoitoa protini ikiwa bado imefunguka.

Kwa maji na miyeyusho mingi ya chumvi natumia dawa ya DEPC ya asilimia 0.1, naiacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Hii haingoji umbo libomoke. Inajifunga kikemia kwenye histidini, na ribonyukliasi A inakata RNA kwa histidini mbili, ya 12 na ya 119. Kisha naingiza otoklevu ili kuiondoa DEPC yenyewe. Bafa ya trisi usiitie DEPC, kwa sababu trisi inaimaliza kabla haijafanya kazi. Itengeneze kwa maji yaliyokwisha kutibiwa.

Otoklevu peke yake, nyuzi 121 kwa dakika 20, siiamini kwa ribonyukliasi. Vyombo vya kioo naviweka ovenini nyuzi 240 kwa saa nne, ambako mnyororo wenyewe unaungua. Rafu za plastiki zilizowahi kuingia kwenye kabati la plazmidi nimeziwekea alama ya wino mwekundu, na haziji upande wa RNA hata zikioshwa mara kumi.