Maswali na majibu: Mnazungushwa kwenye laini, mbona mikono bado inauma?

Shikamoo mama. Nipo kiwanda cha maji ya chupa hapa Unga Ltd. Supavaiza anatuzungusha kila saa: kufunga vifuniko, kubandika lebo, kupakia kwenye katoni. Wiki ya tatu sasa, viganja na vifundo vya mikono vinauma vilevile. Tatizo nini?

Marahaba mwanangu. Tatizo ni kwamba kazi hizo tatu zina majina tofauti lakini zinatumia mkono uleule. Kufunga kifuniko ni kubana kwa vidole na kupinda kifundo. Kubandika lebo ni kubana na kupinda. Kupakia ni kukamata chupa shingoni, kubana na kupinda tena, safari hii na uzito wa kilo moja na nusu juu yake. Laini ikitoa chupa 24 kwa dakika, ni chupa 1,440 kwa saa. Fanya saa saba halisi za kazi, umebana na kupinda zaidi ya mara 10,000. Umehama sehemu, ila msuli haujahama.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanga ratiba ya namna hiyo nilipokuwa msimamizi wa laini, nikajiona nimewasaidia vijana. Walipoanza kuamka usiku wakikung'uta mikono kwa ganzi ndipo nikaelewa. Ganzi hiyo ikikaa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo umebanwa. Ukiwa nayo usisubiri ratiba mpya, nenda kwa daktari.

Ratiba inayosaidia huanza kwa kujiuliza kila kituo kinatumia nini mwilini. Kwenye laini kama yenu, ukiacha hizo kazi tatu za mikono, kuna kukagua chupa mbele ya taa, ambako macho na shingo ndivyo vinavyochoka. Kuna kupima ujazo na kuandika kwenye fomu, mtu anatembea na kufikiri. Kuna kupanga katoni kwenye paleti, mgongo na miguu. Sasa changanya: kufunga, kukagua, kupakia, kupima, kubandika lebo, paleti, halafu unarudi kufunga. Kila kazi ya mikono inafuatwa na isiyo ya mikono. Paleti ndiyo yenye walakini, kwa sababu kushika katoni nako ni kubana vidole, kwa hiyo jitahidini mapumziko ya chai yaangukie hapo. Kwa watu sita na zamu za nusu saa, mtu anarudi kwenye vifuniko baada ya saa mbili na nusu badala ya saa mbili kamili akiwa amebana vidole muda wote.

Mimi ni msimamizi, Njiro. Nusu saa, saa moja au nusu shifti? Kila mtu ananiambia lake.

Angalia kituo kinachochosha haraka zaidi, hicho ndicho kikupangie muda. Kwenye laini ya chupa karibu kila mara ni ukaguzi. Mwaka 1948 mtafiti Mwingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio aliyofanya kwa kuwaketisha watu wakitazama mshale kama wa saa ya ukutani, wabonyeze kitufe kila unaporuka hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, walianza kukosa mengi zaidi. Hawakuwa wazembe. Umakini wa kusubiri kitu kinachotokea mara chache ndivyo unavyoshuka. Mkaguzi wako anayetafuta chupa moja yenye uchafu kati ya mamia yuko hali hiyohiyo, kwa hiyo asikae pale zaidi ya dakika 30.

Ukitaka kujua kama muda mnaoutumia sasa ni mzuri, chukua chupa chache zenye kasoro, ziweke alama usiyoiona mkaguzi, uzipitishe dakika ya 5, ya 20 na ya 40. Hesabu alizozikamata. Waambie kabla kwamba unapima ratiba, hupimi mtu, la sivyo watakuchukia na watakuwa na haki.

Tukibadilishana, laini inasimama dakika tano na chupa zinaanguka. Bosi anataka tuache.

Mnabadilishana wote kwa pamoja, ndiyo maana. Dakika tano mara 14 kwa shifti ni zaidi ya saa nzima, bosi ana sababu ya kulalamika.

Tumieni mtu mmoja wa akiba, hata supavaiza mwenyewe. Anaingia kwenye vifuniko. Aliyekuwa pale anaenda kwenye ukaguzi, anasimama ubavuni mwa mwenzake kwa chupa kadhaa, anapokea. Huyo aliyepokelewa anaenda kwenye kupakia, hivyohivyo hadi paleti. Wa paleti ndiye wa mwisho: anaenda kunawa mikono kwa sabuni, anabadilisha glavu, kisha anampokea yule wa akiba. Hapo kwenye kunawa msiruke hata siku moja, maana ametoka kushika mbao za paleti na anakwenda kwenye chupa ambayo bado iko wazi. Mkanda hausimami, na mzunguko wote unachukua dakika sita au saba.

Moshi hapa tunalipwa kwa katoni. Mimi ni mwepesi wa kupakia, nikizungushwa napata kidogo. Nifanyeje?

Dada, hasara yako ni ya kweli na si ubinafsi kuisema. Malipo ya mtu mmoja kwa katoni na kuzungushana haviwezi kukaa laini moja, kwa sababu mwepesi atakataa kutoka na mzito atafichwa kwenye kona. Muulizeni mwajiri kama anaweza kuhesabu katoni za timu nzima ya shifti na kuzigawa sawa, kwa kiwango ambacho hakikushushi wewe chini ya wastani wako wa mwezi uliopita. Akikataa, msianze kuzunguka kabla jambo hilo halijakaa sawa.

Mwenzetu mgongo wake ni mbovu. Si azungushwe paleti kwa muda mfupi tu, kama wengine?

Hapana. Aliyekwisha kuumia anatolewa kwenye kituo kinachomuumiza. Mgongo hausamehe kwa kuwa mzigo ulikuwa wa nusu saa.

Na hapa niseme jambo linalosahauliwa: kuzungusha watu hakupunguzi uzito wa kazi mbaya, kunaugawa. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18 na ushee. Mbili kwa dakika ni katoni 60 kwa nusu saa, zaidi ya tani moja. Kipimo kinachotumika sana duniani huruhusu kilo 23 pale tu mambo yote yanapokuwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, kwenye usawa wa kiuno, bila kujipinda, na hunyanyui mara kwa mara. Anayeinama hadi paleti iliyo sakafuni mara mbili kwa dakika yuko mbali na hali hiyo. Mkizungusha watu sita pale, mtapata migongo sita inayouma kidogo badala ya mmoja unaouma sana.

Kwanza punguzeni kazi yenyewe. Wekeni paleti tatu tupu chini ya ile mnayopakia, safu ya kwanza itapanda hadi karibu na magoti. Safu za juu zikipita kifua, ondoeni zile tupu au wekeni watu wawili. Mwenzenu naye, kama mgongo uliharibikia kazini, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Amwambie kwa maandishi, abaki na nakala.