Tangazo linataka asilimia 8, wasifu wangu unasema nimepunguza asilimia 30

"Wakuu, nina miaka 4 nikiwa supavaiza wa shifti kiwanda cha juisi, laini moja ya chupa 6,000 kwa saa, watu 18. Nimeomba kazi kiwanda cha maji, kimya mwezi wa pili huu. Tangazo lao: laini 2 za chupa 12,000 kwa saa kila moja, watu 35 kwa shifti, tageti katoni 13,600 kwa shifti ya saa 8 (katoni ya chupa 12), mashine kusimama kusizidi asilimia 8, rekodi nzuri ya usalama. Wasifu wangu unasema: 'Nimeongeza uzalishaji kwa asilimia 20, nimepunguza kusimama kwa mashine kwa asilimia 30, ajali sifuri.' Ukweli wa namba: tulitoka katoni 2,580 hadi 3,100 kwa shifti, na kusimama kutoka dakika 100 hadi 70. Kwa nini hawaniiti?"

Mkuu, nimekuwa meneja uzalishaji wa viwanda vya vinywaji na wasifu wa masupavaiza nimeusoma hadi macho kuuma. Huo wako ningeuweka pembeni. Mtu mwenyewe huenda anaiweza kazi, ila karatasi yake haijibu hata namba moja ya tangazo. Wao wameandika viwango, wewe umeandika ongezeko. Asilimia 20 juu ya nini? Mimi msomaji sijui ulianzia wapi wala ulifika wapi.

Kwanza tulisome tangazo lenyewe, maana aliyeliandika amekuachia mengi. Laini mbili za chupa 12,000 ni chupa 24,000 kwa saa. Kwa saa 8 ni chupa 192,000, yaani katoni 16,000 kama hakuna kinachosimama kabisa. Wao wanataka 13,600. Hiyo ni asilimia 85 ya uwezo wa laini. Ukitoa asilimia 8 ya kusimama unabaki na 92, kwa hiyo kutoka 92 kushuka hadi 85 ndiyo nafasi waliyoacha kwa vitu vidogo vidogo: mashine kukimbia chini ya kasi yake, chupa kukwama sekunde chache, vifuniko vilivyokaa upande, katoni zilizorudishwa. Nafasi hiyo ni ndogo. Anayeandika hivyo ana laini inayotembea vizuri tayari, na anatafuta mtu wa kuilinda isishuke.

Sasa chukua za kwako. Chupa 6,000 kwa saa 8 ni 48,000, sawa na katoni 4,000. Katoni 3,100 ni asilimia 77 na nusu ya uwezo. Ulianzia 2,580, yaani kama asilimia 64 na nusu. Kutoka 64 hadi 77 ni kazi, sikubezi. Lakini mbele ya mtu anayetaka 85, ile "asilimia 20" uliyokuwa unaringia inageuka kuwa 77, na ni afadhali uitamke wewe na kuieleza kuliko aipige hesabu mwenyewe akiwa peke yake ofisini.

Kitu kingine nilichokipiga hesabu, na yeyote mwenye kalkuleta ataipiga: umeokoa dakika 30 za kusimama kwa shifti. Laini yako inatoa katoni 500 kwa saa, kwa hiyo dakika 30 ni katoni 250. Wewe umeongeza 520. Hizo 270 nyingine zimetoka wapi? Mlipandisha kasi ya mashine ya kujaza? Mlinunua mashine ya kufunga katoni? Chupa mbovu zilipungua? Kama kiwanda kilinunua mashine mpya, sema hivyo, kisha useme wewe ulifanya nini juu yake. Niliwahi kuajiri bwana mmoja aliyeandika kwamba "alisimamia uzalishaji wa chupa 150,000 kwa siku". Nikavutiwa. Alipofika nikagundua siku ile ilikuwa na shifti tatu, yeye alishika moja, na nyingine mbili zilikuwa za wenzake. Uongo haukuwepo kwenye sentensi ile, na kosa lilikuwa langu, sikuuliza "kwa shifti ngapi". Tangu hapo namba isiyotaja shifti naihesabu kama haipo.

Tuje kwenye kusimama kwa mashine, hapa ndipo nadhani umejiumiza bila kujua. Dakika 70 katika 480 ni karibu asilimia 15. Tangazo linasema 8, ambayo ni kama dakika 38. Kwa macho ya haraka umezidisha mara mbili kasoro. Lakini nyinyi mnatengeneza juisi. Mkitoka embe kwenda nanasi lazima laini ioshwe, mabomba yapitishwe maji na dawa, na muda huo laini haitoi kitu. Je, dakika 70 zako zina uoshaji ndani yake? Nina hakika zinao, kwa sababu daftari nyingi za shifti huandika tu "laini imesimama" na kuanza upya.

Kiwanda cha maji hakibadilishi ladha. Kinabadilisha saizi, nusu lita kwenda lita moja na nusu, na kubadilisha saizi kwenye laini ya namna hiyo kunaweza kumeza dakika 38 zote peke yake na kuomba nyingine. Kwa hiyo kama tangazo lina akili, asilimia 8 yao ni ile ya ghafla tu: mashine kuharibika, umeme kukatika, malighafi kuchelewa. Haihesabu kusimama kulikopangwa. Basi na wewe zitenge za kwako kwa namna hiyohiyo. Tuseme daftari lako linaonyesha dakika 40 ni kuosha na 30 ni za ghafla. Thelathini katika 480 ni asilimia 6 na ushee. Umeshapita tageti yao, na wasifu wako umekaa kimya! Sisemi ndivyo ilivyo, mgawanyo huo nimeubuni ili uone njia. Rudi kwenye daftari zako. Chukua miezi mitatu ya mwisho, kila kusimama kupe sababu, jumlisha. Kama huna daftari, usibuni, maana mahojiano ya kiwandani swali la pili huwa "sababu tatu kubwa zilikuwa zipi, na zilichukua dakika ngapi kila moja". Aliyeishi na laini hujibu bila kufikiri. Atakwambia kifuniko, atakwambia kihisio cha lebo kinachoshika vumbi, atakwambia fundi wa usiku alikuwa anatoka mbali. Aliyebuni hukwambia "changamoto za kiufundi".

Ukubwa wa laini nao una mtego. Watu 18 kwenye laini moja na watu 35 kwenye laini mbili ni karibu uwiano uleule, kwa hiyo idadi ya watu isikutishe. Tofauti iko kwenye mashine. Viwanda vingi vya maji vya kasi hiyo hupuliza chupa zao palepale: prifomu zinaingia kwenye joto, zinapulizwa kwa hewa ya mgandamizo mkubwa, wa hadi kama ba 40, na chupa inaenda moja kwa moja kwenye kujazwa. Mashine ya kupuliza ikisimama, ya kujaza inabakiwa na chupa chache zilizo kwenye konveya, na baada ya hapo laini nzima imelala. Je, kwenu mlipuliza wenyewe au chupa zilikuja kwenye viroba? Kama zilikuja tayari, hilo ndilo pengo lako halisi, na msomaji analitafuta. Kama umewahi kushika mashine ya kupuliza hata kwa kumshikia mwenzio shifti, liandike kwa jina. Pia andika ulikuwa na mafundi wangapi chini yako na wangapi wa idara ya matengenezo uliwaomba tu, maana "kusimamia watu 18" wengine huhesabu mpaka vibarua wa kupakia magari.

Kuhusu ajali sifuri. Watu 18, saa 8, siku 26 za mwezi, kwa mwaka ni kama saa 45,000 za kazi. Kwa miaka minne, saa 180,000. Viwanda vingi hupima ajali zilizomlaza mtu nje ya kazi kwa kila saa milioni moja, na kwa saa zako ajali moja tu ingekupa alama zaidi ya 5. Maana yake sifuri yako ni nzuri ila ni ndogo, inaweza kuwa kazi nzuri na inaweza kuwa bahati. Nina sababu ya kusema hivi. Niliwahi kumpokea supavaiza mwenye sifuri safi, wiki ya pili nikamkuta ameinua kinga ya mashine ya vifuniko na kuingiza mkono kunasua chupa, mashine inazunguka. Nilipomuuliza akajibu, "Bosi, kule kwetu ndivyo tulivyofanya siku zote." Sifuri yake ilikuwa ya kweli, vidole vyake vilikuwa bado kumi.

Kwa hiyo msomaji mzoefu anaruka neno sifuri na kutafuta kitu kingine: matukio ya nusura ajali mliripoti mangapi kwa mwezi, na moja lilibadilisha nini. Mtu mwenye ajali sifuri na nusura sifuri ananitia wasiwasi, maana yake watu wake hawasemi. Andika pia kama mlikuwa na utaratibu wa kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli na kutundika tagi kabla fundi hajaingiza mkono, na kama funguo ilikaa kwa fundi mwenyewe. Kama ulishiriki ukaguzi wa OSHA au ulijaza taarifa ya ajali ya WCF, hilo ni la kuandikwa kuliko cheti cha semina ya siku moja.

Ningekuwa wewe, mstari wa kiwanda cha juisi ningeuandika hivi, namba za kusimama zikiwa zile za daftari lako na si zangu:

"Supavaiza wa shifti, laini 1 ya chupa 6,000 kwa saa, watu 18. Uzalishaji wa shifti ya saa 8 ulipanda kutoka katoni 2,580 hadi 3,100 (asilimia 77 ya uwezo wa laini). Kusimama kwa ghafla dakika __ kwa shifti, kuosha na kubadilisha ladha dakika __. Hakuna ajali iliyomlaza mtu kwa miaka 4. Ripoti za nusura __ kwa mwezi."

Kama mwajiri wako wa sasa hapendi katoni zake zitajwe nje, ondoa katoni ubaki na asilimia ya uwezo, inatosha.

Na ukiitwa, kabla hawajakuuliza wewe, waulize hiyo asilimia 8 inahesabu kubadilisha saizi au haihesabu. Wakisema inahesabu, na tageti ni ileile 13,600 hata siku ya kubadilisha saizi, fikiri mara mbili kabla ya kusaini, maana huenda tageti hiyo haikufikiwa na aliyekutangulia pia.