Baada ya marekebisho ya mwisho, fuata neno ulilogusa

"Wakuu, nikimaliza kuandika barua pepe ya kazini huwa naisoma vizuri kabisa. Halafu nabadilisha kitu kidogo na kutuma. Makosa yanayoonekana baadaye karibu yote yako kwenye hicho kitu kidogo. Mnakagua vipi bila kusoma barua nzima upya kila mara?"

Mkuu, sehemu ya kazi yangu ni kupitia barua za wenzangu kabla hazijatoka ofisini, na hali hiyo naiona mara kwa mara. Sababu yake iko wazi ukiangalia namna tunavyorekebisha. Unapobadilisha neno, macho yako yako kwenye neno hilo tu. Maneno mengine yaliyokuwa yanalitegemea yanabaki yalivyo, na kwa kuwa ulishayasoma na kuyaridhia, huyatazami tena. Kwa Kiswahili shida ni kubwa zaidi kwa sababu nomino moja inaburuta vitenzi, vivumishi na vimilikishi vya sentensi nzima, na mara nyingi hata vya sentensi inayofuata.

Nitakuonyesha kwa barua moja niliyowahi kuipitia, nimeifupisha. Ilikuwa hivi, haina kosa:

> Kichwa: Mkutano wa bajeti, Jumanne tarehe 14
>
> Habari za kazi. Mkutano wa bajeti utafanyika Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi. Umepangwa kuchukua dakika 90, na ajenda yake nimeiambatisha. Tutajadili mambo mawili: makadirio ya robo ijayo na madeni ya nyuma. Naomba uthibitishe kabla ya Jumatatu jioni.

Dakika za mwisho mkuu wa kitengo akaomba iitwe kikao badala ya mkutano, siku isogezwe hadi Alhamisi, liongezwe suala la ununuzi wa vifaa, na barua iende kwa watu wawili badala ya mmoja. Mwandishi akarekebisha, ikawa hivi:

> Kichwa: Mkutano wa bajeti, Jumanne tarehe 14
>
> Habari za kazi. Kikao cha bajeti kitafanyika Alhamisi tarehe 16, saa 4 asubuhi. Umepangwa kuchukua dakika 90, na ajenda yake nimeiambatisha. Tutajadili mambo mawili: makadirio ya robo ijayo, madeni ya nyuma na ununuzi wa vifaa. Naomba uthibitishe kabla ya Jumatatu jioni.

Sentensi aliyobadilisha nomino iko safi. Alikumbuka hata "cha" na "kitafanyika", kwa sababu viko jirani na neno lenyewe. Ila angalia "Umepangwa". Ulikuwa mkutano ndio uliopangwa, sasa mkutano haupo, na msomaji anaweza kuelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepangwa. Ilitakiwa "Kimepangwa". Kikagua tahajia hakitakusaidia hapo, maana "umepangwa" ni neno halali.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza ni hii: nikibadilisha nomino, nasoma sentensi yote niliyogusa, kisha naendelea mbele nikiuliza kila kitenzi, "wewe unamsema nani?" Nasimama pale inapotajwa nomino mpya inayotawala. Mara nyingi ni sentensi mbili au tatu tu. Uliza hivyo hivyo kwa vimilikishi, lakini kwa makini, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili. "Ajenda yake" haibadiliki hapo. Hiyo "ya" inafuata ajenda, haifuati mkutano wala kikao. Nimeona mtu akisahihisha kwa pupa akaandika "ajenda chake", yaani marekebisho yakazaa kosa ambalo halikuwepo.

Hatua ya pili ni kutafuta mabaki ya neno la zamani. Bonyeza Ctrl+F, andika lile neno ulilolifuta, sio jipya. Hapo ungetafuta "Jumanne", kisha "14", kisha "kutano". Naandika "kutano" bila herufi ya mwanzo ili nipate "mkutano", "mikutano" na "mkutanoni" kwa mpigo mmoja. Usitegemee kubadilisha yote kwa amri moja ya kompyuta, kwa sababu itabadilisha nomino na kuacha viambishi vyake vyote kama vilivyokuwa. Na kichwa cha barua kitazame kwa macho yako, kwa kuwa utafutaji unaweza usikifikie. Kichwa ndicho kinachosahaulika kuliko kitu kingine chochote, na ndicho mpokeaji anachokisoma kwanza. Huyu wetu angepata kichwa kinachosema Jumanne na barua inayosema Alhamisi, na asingejua aamini kipi.

Kuna vitu ambavyo utafutaji hauvioni kabisa, navyo vinahitaji akili ya mtu. "Mambo mawili" sasa ni matatu. Kila ukiongeza au kupunguza kitu kwenye orodha, rudi kwenye namba iliyoitangulia. Ukihamisha aya, tafuta "hapo juu", "hapa chini" na "kama nilivyosema", kwa sababu kilichokuwa juu huenda sasa kiko chini. "Uthibitishe" ni ya mtu mmoja, na wapokeaji sasa ni wawili, hivyo inakuwa "mthibitishe". Halafu kuna ile "kabla ya Jumatatu jioni". Hiyo si kosa la lugha. Jumatatu ilichaguliwa kwa sababu ni siku moja kabla ya Jumanne. Kikao kikisogea Alhamisi, je, mwisho wa kuthibitisha unabaki Jumatatu au unasogea Jumatano? Barua haiwezi kukujibu, inabidi umuulize mwenye kikao. Tarehe moja ikibadilika, kila tarehe iliyohesabiwa kutokana nayo inatakiwa kuamuliwa upya.

Kiambatisho nacho kifungue, kifungue kabisa, usiishie kusoma jina la faili. Ajenda iliyoambatishwa kwenye barua ile ilikuwa bado imeandikwa Jumanne na ina mambo mawili. Ukishairekebisha faili kwenye kompyuta yako, nakala iliyokwisha kupandishwa kwenye barua haibadiliki yenyewe. Ondoa ya zamani, weka mpya, uifungue kutoka ndani ya rasimu.

Sasa kuhusu kusoma barua nzima. Kama umebadilisha neno moja au mawili, hizo hatua zinatosha. Kama umehamisha aya, umebadilisha jambo lenyewe unaloomba, au umerekebisha sehemu nyingi, soma yote kuanzia kichwa, kwa sauti ya chini. Sauti inakulazimisha kupita kila neno, na ndiyo inayokamata maneno yaliyojirudia kama "na na" au nusu ya sentensi ya zamani iliyobaki mwishoni mwa mpya. Hizo hutokea sana mtu akifuta kwa haraka.

Na wakati wa ukaguzi huo ukirekebisha tena kitu, hata herufi, hayo nayo ni marekebisho ya mwisho. Rudia zile hatua kwa sehemu hiyo tu.

Kwa barua mpya, anwani ya mpokeaji mimi naiweka mwisho kabisa, baada ya haya yote, ili kidole kikiteleza barua isiende popote. Kwa barua ya kujibu anwani tayari ipo, kwa hiyo msaada ni Undo Send, inayokuwezesha kuirudisha barua ndani ya sekunde chache baada ya kuituma. Kwenye Gmail unaweza kuipanga iwe sekunde 5, 10, 20 au 30. Weka 30, na uzitumie kutazama kichwa na majina ya wapokeaji. Kusoma barua yenyewe huwezi kwa muda huo.