Batri ya droni: plagi nyeupe, volti 3.8 na umeme unaokatika

"Batri yangu ni 4S ya miliampea 1500. Ina waya mbili nene na kaplagi kadogo keupe. Nikichomeka zile nene tu inajaa vizuri. Kale kadogo ni ka nini?" (Katuba)

Kupitia plagi hiyo chaja inapima kila seli peke yake, ndiyo maana ina waya tano kwa seli nne. Waya nene zinaonyesha jumla tu, na jumla inaficha mengi. 4S iliyojaa ni volti 16.8, yaani 4.20 kwa kila seli. Lakini seli tatu zenye 4.30 na moja yenye 3.90 nazo zinaleta 16.8 ileile. Chaja itasema imejaa, kumbe seli tatu zimepita kiasi, na hapo ndipo uvimbe na moto huanzia.

Chomeka plagi zote mbili, chagua LiPo BALANCE, weka ampea 1.5. Angalia usiguse LiHV, maana hiyo inapandisha seli hadi 4.35. Chaja itazipunguza zilizo juu mpaka ya nyuma izifikie, kwa hiyo dakika za mwisho huburuta. Tofauti ya 0.01 si neno. Seli ileile ikibaki nyuma kwa 0.1 kila mara, imechoka, na batri nzima isirudi angani.

"Nilijaza batri zote nipige picha za ndoa Jumamosi, sasa ndoa imesogezwa wiki tatu. Niziache hivyo hivyo?" (Kamalondo)

Siku mbili zingevumilika, wiki tatu hapana. Seli iliyojaa inaendelea kuchakaa ndani ikiwa imekaa tu, gesi inazaliwa, batri inavimba. Joto linaharakisha, na Oktoba ya Lubumbashi chini ya mabati tunaijua.

Irudishe kila seli kwenye 3.80 hadi 3.85, kwa 4S ni jumla ya 15.2 hadi 15.4. Kazi hiyo inafanywa na STORAGE kwenye menyu, lakini uwe na subira. Chaja nyingi ndogo hunyonya wati 5 tu. Batri kama ile ya Katuba inabeba wati-saa 22 hivi, na karibu 12 zinapaswa kutoka: hiyo ni saa mbili na nusu kwa batri moja. Kuirusha dakika chache ni haraka zaidi. Iache ipoe, kisha STORAGE imalizie.

Usizihifadhi tupu pia. Seli ikishuka chini ya 3.0 inaharibika, na chaja inaweza kuikataa. Iliyo chini, STORAGE itaipandisha. Kujaza kabisa kungoje usiku wa kuamkia ndoa.

"Umeme ukikatika katikati ya kuchaji?" (Ruashi)

Chomoa plagi zote mbili. Batri ikisahaulika kwenye chaja iliyozima, inaweza kunyonywa kidogokidogo kupitia ile plagi ndogo. Umeme ukirudi na kutulia, soma volti za kila seli, ndipo uanze upya, batri ikiwa juu ya saruji na wewe ukiwa hapohapo.